Daftari la makosa ni nini?

Daftari la makosa ni kumbukumbu ambayo mwanafunzi au mwalimu wake huandika kila swali lililokosewa katika majaribio ya mazoezi, pamoja na sababu ya kukosewa, kisha huitumia kutunga maswali mapya yanayolenga udhaifu ule ule. Sehemu hizi mbili hazitenganishwi. Orodha ya maswali yaliyokosewa isiyozaa maswali mapya ni masahihisho tu, na masahihisho kila mwanafunzi anayo tayari, yameandikwa kwa kalamu nyekundu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Darasa la Saba aliyefanya jaribio la hisabati lenye maswali 20 na kupata 13. Kati ya yale saba aliyokosa, matatu yalitoka katika matendo mchanganyiko, yaani mada ambayo wanafunzi wa Tanzania huikariri kwa neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Katika swali la 45 − 18 + 9 alijibu 18, wakati jibu sahihi ni 36. Katika 60 − 4 × 5 + 10 alijibu 30, na jibu sahihi ni 50. Katika 96 ÷ (12 − 4) alijibu 4, na jibu sahihi ni 12.

Mtu akiandika daftarini kwamba mwanafunzi huyu ni dhaifu katika MAGAZIJUTO, atakuwa amesema kweli lakini hatakuwa na la kufanya, kwa kuwa mada hiyo ni pana mno. Ndiyo maana mstari mmoja wa daftari hubeba tarehe, swali lenyewe, jibu alilotoa mwanafunzi na njia aliyopitia, jibu sahihi, sababu ya kosa, na mwisho tarehe za kurudiwa. Wengi huruka jibu la mwanafunzi, wakiona aibu kuhifadhi jibu lisilo sahihi, na kwa kufanya hivyo hutupa kitu chenye habari nyingi kuliko vyote katika mstari ule.

Ili kupata sababu, mwanafunzi hupewa swali lile lile alifanye upya bila kuona jibu sahihi. Huyu wetu alipolirudia swali la mabano alilipata mara moja. Alikuwa amegawanya 96 kwa 12 kwa haraka na kutoa 4 bila kutazama mabano. Hilo huandikwa kama kosa la haraka. Yale mengine mawili, hata hivyo, aliyafanya tena na kuleta majibu yale yale ya 18 na 30. Kosa linalorudi vilevile si la bahati mbaya, bali ni kanuni iliyokosewa, na mwanafunzi anaifuata kwa uaminifu kabisa. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha jambo hili katika hesabu za kutoa: majibu mengi yanayoonekana kuwa ya ovyo hutokana na kasoro moja ndani ya utaratibu ambao mwanafunzi anaufuata, kiasi kwamba mtu akiijua kasoro hiyo anaweza kutabiri jibu litakalofuata.

Kanuni ya mwanafunzi wetu inaonekana wazi ukifuata njia yake. Kwa kuwa katika MAGAZIJUTO kujumlisha kumetangulia kutoa, yeye huanza na 18 + 9, akapata 27, kisha hufanya 45 − 27. Amesahau kwamba alama ya kutoa ni ya 18 peke yake, na kwamba 9 ni ya kuongezwa. Kujumlisha kwanza kungefaa iwapo angejumlisha 45 na 9 kisha akatoa 18. Kwa hiyo lenye kasoro ni namna alivyolielewa neno lenyewe.

Hapa ndipo maswali ya ufuatiliaji yanapotungwa, na hapa ndipo pia daftari nyingi huharibika. Mwalimu mwenye nia njema anaweza kumpa mwanafunzi huyu 9 + 6 − 4, akajibu 11, na wote wawili wakaridhika. Lakini swali hilo haliwezi kugundua chochote, maana kanuni sahihi na kanuni iliyokosewa zote zinaleta 11. Swali lenye shabaha ni lile ambalo kanuni hizo mbili zinaleta majibu tofauti, kama 30 − 12 + 7, ambapo jibu sahihi ni 25 na jibu la kosa ni 11. Binafsi naona kipimo hiki ni bora kuliko wingi wa maswali. Manne ya namna hii yanatosha mahali pa ukurasa mzima wa mazoezi.

Katika maswali ya umbo hili tofauti kati ya majibu mawili daima ni mara mbili ya namba inayojumlishwa mwishoni. Kwa 45 − 18 + 9, 36 inazidi 18 kwa 18, yaani 9 mara mbili. Anayesahihisha akiona jibu limepungua kwa kiasi hicho, anaijua sababu hata kama mwanafunzi hakuonyesha njia. Mwenye kompyuta anaweza kuiachia lahajedwali kazi ya kutunga:

```
A2: =RANDBETWEEN(30,60)
B2: =RANDBETWEEN(5,15)
C2: =RANDBETWEEN(3,9)
D2: =A2-B2+C2
E2: =A2-(B2+C2)
```

Swali ni A2 − B2 + C2, D2 ni jibu sahihi, na E2 ni jibu ambalo kanuni iliyokosewa ingelileta. Namba hizi hubadilika kila unapoandika kitu kingine kwenye jedwali, hivyo zinakiliwe kama thamani kabla ya kumpa mwanafunzi swali.

Maswali haya hayapaswi kufanywa yote kwa mkupuo, kwa sababu mwanafunzi aliyeketi mbele ya maswali kumi ya aina moja tayari anajua mtego uko wapi. Huchanganywa na maswali ya mada nyingine, na kurudiwa, kwa mfano, kesho yake, baada ya siku tatu na baada ya wiki moja, kila mara kwa namba mpya, kwani swali likirudi na namba zile zile hukumbukwa jibu badala ya njia. Mstari hufungwa akipata sawa katika siku hizo zote tatu.

Daftari huingiza pia maswali aliyoyapata kwa kubahatisha. Katika jaribio la kuchagua kati ya A hadi E, anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tano, kwa hiyo katika zile 13 zinaweza kuwamo alama asizozistahili. Dawa yake ni mwanafunzi kuweka alama ndogo pembeni mwa kila swali asilo na uhakika nalo wakati anafanya jaribio, kwa sababu baadaye, akishaona tiki, hukumbuka kwamba alikuwa anajua.

Kufungwa kwa mstari si kwa kudumu. Mwanafunzi wetu anaweza kupita siku zake tatu bila kosa, kisha wiki kadhaa baadaye akakutana na 3/4 − 1/2 + 1/8 katika jaribio la sehemu na kujibu 1/8, wakati jibu ni 3/8. Kwa haraka kosa hilo lingeandikwa chini ya sehemu. Lakini jibu limepungua kwa 2/8, yaani mara mbili ya 1/8 iliyojumlishwa mwishoni. Kwa hiyo hufunguliwa tena ule mstari wa zamani, na maswali yake mapya sasa hutungwa kwa sehemu na desimali.