Umeweka pesa, salio halijasogea

Dhana: Noti zangu ziko njiani kwenda benki.

Ukweli ni kwamba noti ulizompa wakala wa benki zinabaki kwenye droo yake. Kinachohama ni floti, yaani pesa ambazo wakala mwenyewe ameshaziweka benki. Muamala ukikubaliwa, floti yake inakatwa na akaunti yako inaongezewa kiasi hichohicho. Kwa hiyo pesa isipoonekana, swali la kwanza ni kama floti imepungua.

Tuseme umeweka 50,000. Wakala ana floti ya 320,000. Anabonyeza, mtandao unakatika, risiti haitoki. Mwombe afungue taarifa fupi ya floti mbele yako. Akikuta bado ni 320,000 na hakuna muamala wowote kwa akaunti yako, ombi huenda halikufika. Rudishiwa noti zako, au ajaribu tena mtandao ukitulia. Akikuta 270,000, ombi limefika benki, na hapo hana sababu ya kukurudishia, kwa kuwa naye ameshakatwa. Andika namba ya muamala, saa na namba ya wakala, kisha upeleke benki.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawaufikirii. Mfumo ukigundua kwamba muamala haukukamilika upande wako, unaweza kuirudisha floti baadaye. Wakala aliyesoma 270,000 mchana anaweza kusoma 320,000 jioni, na noti zako bado ziko kwake. Kwa hiyo mwombe aangalie tena kabla hajafunga hesabu za siku.

Dhana: Risiti haikutoka, basi turudie.

Huku ndiko kuweka mara mbili kunakoanzia. Huenda kilichopotea ni jibu tu, siyo muamala. Angalia floti kwanza, na salio lako pia, maana meseji huchelewa hata pesa ikiwa imeshaingia.

Dhana: Kuwa na risiti ni kuwa na pesa.

Isome. Je, inasema muamala umefanikiwa au umekataliwa? Tarakimu za akaunti ni zako? Kimashine cha wakala huchapa hata muamala uliokataliwa, na mtu mwenye haraka hukunja karatasi akaitia mfukoni.

Dhana: Mashine ya kuwekea fedha ikizimika, noti zimeliwa.

Mashine nyingi zinazohesabu noti papo hapo huzishikilia pembeni kwanza, hadi uthibitishe kiasi kilichoonyeshwa kwenye skrini. Umeme ukikatika katikati, noti zinaweza kubaki ndani bila akaunti kuongezewa. Benki ikifungua mashine na kuhesabu, noti hizo huonekana kama ziada, na ziada hiyo hulinganishwa na kumbukumbu za mashine. Madai yenye saa kamili, namba ya mashine na idadi ya noti za kila aina ni rahisi kuoanishwa na ziada hiyo. Ukisema tu “niliweka asubuhi”, atakayehesabu hana pa kuanzia.