Hatari ya kifo haisubiri kustaafu

"Mimi nina miaka 30 tu. Kufa kwa maradhi kunaanza ukishastaafu," aliniambia dereva wa matatu pale Kencom.

Mwaka 1825, Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima jijini London, alionyesha kwamba hatari ya kufa hupanda kwa kuzidishwa kadiri umri unavyosonga. Kwa watu wazima hujirudufu takriban kila miaka 8. Tuchukue mfano wa kubuni: kati ya watu 1,000 wenye miaka 30, afe mmoja kwa mwaka. Wakifika 38 watakufa wawili, 46 wanne, 54 wanane, 62 kumi na sita. Hakuna mruko wowote kwenye 60, umri wa kustaafu. Mwendo ni uleule, ila mwanzoni idadi ni ndogo mno kuonekana. Ajali na Ukimwi, hata hivyo, huweza kutia kinundu kwenye mchoro wa hatari hii miaka ya ujana.