Linki ikae wapi unapogeuza makala kuwa posti

Nikipewa posti iliyotokana na makala, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufuta linki, kisha naisoma tena. Kama hakuna kilichobaki cha kusomwa, basi hata tukiihamisha linki hiyo juu, chini au kwenye komenti, posti haitapona.

Kazi yangu ni kuhariri maudhui ya mitandaoni, na swali hili naulizwa karibu kila wiki: "Linki inaua posti, tuifiche wapi?" Nadhani neno "tuifiche" ndilo linalotupoteza.

Mwaka 2020 wahandisi wa LinkedIn walieleza hadharani kwamba muda ambao mtu anakaa kwenye posti ni moja ya alama wanazotumia kupanga nini kionekane na nani. Sasa fikiria linki iliyo kwenye mstari wa pili. Anayevutiwa anaibonyeza na kuondoka kabla hajasoma, na asiyevutiwa anapita. Wote wawili wamekaa sekunde chache, na hakuna aliyeacha komenti. Hata kama mtandao haujaweka adhabu yoyote kwa linki, posti hiyo tayari imeonekana dhaifu. Kwa X mambo yako wazi zaidi: Novemba 2024 Elon Musk mwenyewe aliwashauri watu waandike maelezo kwenye posti kuu na linki waiweke kwenye jibu.

Tuchukue makala moja tuifanyie kazi. Inahusu bekapu ambazo hazifunguki siku zinapohitajika. Posti ya kwanza niliyoletewa ilikuwa hivi:

> Makala mpya! Je, una uhakika bekapu yako inafanya kazi? Soma hapa: https://example.com/bekapu
> Ndani tumeeleza makosa ambayo wengi huyafanya na namna ya kuyaepuka.

Futa linki uone. Inabaki tangazo la kitu kilicho mahali pengine. Msomaji hajajua kosa hata moja. Nikaiandika upya:

> Bekapu ilifanyika kila usiku, na kila asubuhi ripoti ilisema "imekamilika". Siku tulipoihitaji, hifadhidata haikufunguka.
>
> Mfumo ulikuwa unanakili faili huku hifadhidata ikiendelea kuandikwa. Nakala ikabeba nusu ya data ya zamani na nusu ya mpya.
>
> Dawa yake: toa kwanza nakala kwa amri ya hifadhidata yenyewe, ndipo uihifadhi. Na mara moja kwa mwezi irudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka.
>
> Amri zenyewe, pamoja na mambo ya kukagua baada ya kurudisha, ziko hapa: https://example.com/bekapu

Asiyebonyeza ameondoka na kosa, sababu yake na dawa. Anayebonyeza anajua anafuata nini: amri. Angalia pia mstari wa kwanza. LinkedIn huonyesha mistari michache tu kabla ya "ona zaidi", na sehemu hiyo ni finyu mno kuipa anwani ya tovuti. Ikikaa pale, ujumbe ndio unaosukumwa nyuma ya pazia.

Kwa nini linki iko mwishoni kabisa na si katikati? Niliwahi kuiweka baada ya aya ya sababu, nikidhani hapo ndipo hamu ya msomaji iko juu. Kumbe nilimkata kabla hajapata dawa. Linki inafaa kuja pale swali la kwanza la msomaji limeshajibiwa na la pili linaanza: "Sawa, nafanyaje hasa?" Kwa sababu hiyohiyo sikumalizia kwa "wewe unaonaje?" Ukimwomba mtu abonyeze na papo hapo aandike komenti, mara nyingi hafanyi lolote kati ya hayo.

Kuna kadi pia. Ukibandika anwani, mtandao unavuta picha na kichwa cha habari kutoka kwenye ukurasa, yaani `og:image` na `og:title`, na kutengeneza kisanduku kikubwa chini ya maandishi. Kwa posti kama hii ya bekapu naiondoa. LinkedIn na Facebook zote zinaruhusu kuifunga kadi kabla ya kuchapisha, na anwani inabaki ndani ya maandishi. Kadi huvuta jicho moja kwa moja na kuyapita maandishi, na kichwa chake mara nyingi kinarudia ulichokwisha kusema. Ukiweka picha yako mwenyewe, kadi haitokei kabisa. Anwani ndefu zisikusumbue, maana LinkedIn huzifupisha yenyewe kuwa `lnkd.in`, na X huhesabu linki yoyote kuwa herufi 23 hata iwe na urefu gani.

Sasa ile mbinu ya komenti ya kwanza. Sikuipenda tangu siku iliponiumbua. Mteja mmoja alisisitiza linki iende kwenye komenti, nami nikakubali. Posti ikapendwa, watu wakaisambaza kwenye kurasa zao. Ila komenti haisafiri na posti inaposambazwa! Huko ilikofika, watu walikutana na maneno "linki iko kwenye komenti ya kwanza", wakafungua komenti za yule aliyeisambaza, wasione kitu. Na hata kwenye ukurasa wetu, komenti zilipangwa kwa umuhimu badala ya muda, kwa hiyo yetu ikazama chini ya mzaha wa mtu mmoja aliyepata makofi mengi. Nusu ya siku nilishinda nikijibu "linki hii hapa".

Kwenye X nafuata njia ya jibu, kwa kuwa jibu la mwandishi husomeka kama mwendelezo. Lakini posti kuu lazima isimame peke yake. Instagram haina mjadala: anwani kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, kwa hiyo inakwenda kwenye wasifu, ambako tangu 2023 unaweza kuweka linki hadi 5.

Isipokuwa tu pale linki yenyewe ndiyo ujumbe: fomu ya kujiandikisha inayofungwa leo, au marekebisho ya taarifa iliyokosewa. Hapo iweke juu, acha na kadi yake, na usijali imeonekana mara ngapi.

Ukitaka kujua nini kinafanya kazi kwako, zipe linki alama tofauti kulingana na mahali zilipokaa:

```
https://example.com/bekapu?utm_source=linkedin&utm_medium=social&utm_content=mwisho
```

Ya kwenye komenti ibadilishe `mwisho` iwe `komenti`. Bila alama hizo, wengi wanaotoka kwenye programu za simu huhesabiwa kana kwamba waliandika anwani wenyewe.

Halafu usitazame namba moja. Tuseme posti yenye linki ndani imeonekana mara 4,000 na kubonyezwa mara 60, na yenye linki kwenye komenti imeonekana mara 9,000 na kubonyezwa mara 35. Aliyetaka jina lake lijulikane atachagua ya pili. Aliyetaka watu wapate zile amri amepoteza wasomaji 25, ingawa grafu yake imepanda. Mimi humuuliza mteja swali hilo kabla sijaandika neno la kwanza, maana jibu lake linabadilisha hata kiasi cha makala ninachokitoa bure ndani ya posti.

Na kama umebadilisha picha au kichwa cha ukurasa karibuni, pitisha anwani kwanza kwenye Post Inspector, zana ya LinkedIn inayousoma ukurasa upya. Mtandao hutunza nakala ya kadi ya zamani, na hiyo ndiyo itakayotokea.