Karnau: Je, ni Kamau au Karau?

"Tumeskani kurasa za zamani za Gazeti Rasmi hapa Nairobi, na kompyuta imekosea majina mengi. Orodha ya majina sahihi tunayo. Mbona isibadilishe tu kila kosa liwe jina lililo karibu nalo?"

Tatizo liko kwenye hilo neno "karibu". Kipimo cha kawaida, umbali wa Levenshtein, huhesabu herufi zinazoongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine, na kila badiliko lina uzito ule ule. Chukua Kamau. Wino ukififia, kompyuta huona m kama r na n zilizogusana, ikaandika Karnau. Kulirudisha liwe Kamau ni mabadiliko mawili. Kulifanya Karau, ambalo nalo ni jina halisi, ni moja tu: unaondoa n. Karau linashinda. Ubaya ni kwamba Karnau lilionekana kosa waziwazi. Karau halimshtui msomaji yeyote.

Dawa ni kuyapa mabadiliko bei tofauti, kama nauli. Herufi zinazofanana kwa umbo ziko kituo kimoja mbele, kwa hiyo rn kuwa m tuitoze 0.2, na vivyo hivyo c kuwa e, au l kuwa i. Badiliko ambalo jicho halingelikosea hulipa nauli kamili, 1. Kisha weka kikomo, tuseme 0.5, na kinachozidi hapo kisiguswe. Sasa Kamau ni 0.2 na Karau ni 1. Bei zenyewe hupangwa kwa kulinganisha kurasa kadhaa na usomaji wa mtu, maana kila chapa ina makosa yake.

Kikomo hicho ndicho kinachoyalinda majina adimu. Orodha iliyokusanywa Kiambu inaweza kuwa na Njeri na isiwe na Njeru, jina la kawaida Embu. Herufi ni moja tu, lakini u iliyochapwa haifanani na i, basi Njeru linabaki. Kibra nayo haigeuzwi Kibera: yote mawili yako, Kibera ni mtaa na Kibra ni eneobunge lililopiga kura kwa jina hilo tangu 2013.

Wengine hulitetea jina kwa sababu limejirudia mara nyingi. Hoja hiyo ina nguvu pale tu ambapo tofauti si ya umbo, kwani chapa ile ile iliyofifia itazaa Karnau ukurasa baada ya ukurasa.

Wanjiku likisomwa Wanjiru, orodha haisaidii, kwa kuwa yote mawili yamo. Hapo ni kurudi kwenye picha. Ndiyo maana safu ya kilichosomwa haifutwi. Pendekezo huandikwa kwenye safu ya pili. Na unapokagua, hesabu mbali majina yaliyorekebishwa na mbali yale yaliyokuwa sahihi yakaharibiwa. Ukiyajumlisha, hasara hiyo ya pili inafichwa na wingi wa kina Kamau.