Nyumba ya Mikindani na zile siku 183

Fundi mmoja wa kuchomelea mabomba, mwenyeji wa Mikindani, alinijia ofisini na pasi yake ya kusafiria imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Anafanya kazi Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mihuri ya Kilambo ilikuwa imefifia kwa jasho na maji ya mto, mmoja tuliusoma kwa kuuinua dirishani. Tulihesabu kwa kalamu, mwezi kwa mwezi. Mwaka 2025 alikuwa nchini siku 19 tu: kumi na moja za Idi na nane za msiba wa shangazi yake.

"Haya mjomba," akasema akiegemea kiti, "siku 183 ziko wapi hapo? Mimi na kodi ya Tanzania tumeachana."

Hawajaachana.

Dhana: Ukikaa nje zaidi ya nusu mwaka, si mkazi tena kwa kodi

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote huku kwetu, na chanzo chake nakijua: namba 183 ni rahisi kukumbuka. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hakina mlango mmoja. Unakuwa mkazi wa kikodi kwa mwaka husika ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Au ukiwepo siku 183 au zaidi, za mfululizo au za kuungaunga. Au ukiwepo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Watumishi wa serikali waliopangiwa kazi nje wana mlango wao. Ukipita mlango mmoja tu, umeingia, hakuna anayekuuliza kuhusu mingine.

Fundi wetu ana nyumba Mikindani. Mkewe na watoto wanaishi humo, chumba chake kipo, hata viatu vyake vya kazi vya zamani vipo nyuma ya mlango. Akavuka mto mara mbili mwaka 2025. Kwa mlango wa kwanza, siku 19 zinatosha. Hata siku moja ingetosha. Angekaa ng'ambo mwaka mzima, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31 bila kukanyaga, hapo nyumba peke yake isingemfanya mkazi, kwa sababu sheria inataka nyumba na mtu, vyote viwili. Kwa hiyo msiba ule, kikodi, ulikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Wala simshauri mtu akose kuzika kwa sababu ya kodi.

Watu huuliza kama makazi ya kudumu ni lazima yawe na hati. Jinsi neno hili linavyoeleweka katika mikataba ya kodi ya kimataifa, umiliki sio hoja. Chumba cha kupanga pale Chikongola unachokilipia mwaka mzima ili ukirudi ukifikie, hicho ni makazi. Kinyume chake, nyumba yako mwenyewe uliyoikodisha kwa mpangaji asiye ndugu, ufunguo anao yeye na wewe ukija unalala gesti, ni vigumu kuiita makazi yako kwa kipindi hicho. Kinachotazamwa ni kama mahali pale pako tayari kwa ajili yako wakati wote, si pa kufikia kwa bahati.

Dhana: Msumbiji wameshanikata, basi yameisha

Mkazi hutozwa kodi Tanzania kwa mapato yake ya dunia nzima. Asiye mkazi hutozwa kwa yale tu yenye chanzo Tanzania. Hapo ndipo mshahara wa Cabo Delgado unapoingia kwenye hesabu zetu. Na Msumbiji nao humhesabu mtu kuwa mkazi akizidisha siku 180 kwa mwaka, kwa hiyo fundi ni mkazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Angekuwa Afrika Kusini, kuna mkataba wa kodi kati yake na Tanzania wenye ngazi za kuamua ni nchi ipi imchukue: kwanza ilipo nyumba yake ya kudumu, kisha ulipo uzito wa maisha yake ya familia na kiuchumi, na kuendelea. Na Msumbiji hatuna mkataba wa namna hiyo.

Kinachobaki ni nafuu ya kodi iliyolipwa nje, iliyomo ndani ya sheria yetu wenyewe. Tuseme mshahara wake ni sawa na shilingi 1,500,000 kwa mwezi, na kule hukatwa 150,000. Kwa viwango vya wakazi wa Tanzania Bara, shilingi 1,000,000 ya kwanza hubeba kodi ya 128,000, na ile 500,000 ya juu yake hutozwa asilimia 30, yaani 150,000. Jumla 278,000. Unatoa 150,000 aliyokwisha kulipa, zinabaki 128,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,536,000.

Nafuu hiyo haiji yenyewe. Inadaiwa kwenye ritani, na ushahidi wake ni karatasi ya mwajiri au ya mamlaka ya kule inayoonyesha kodi iliyolipwa. Fundi alikuja na picha za meseji za benki. Zile zinaonyesha fedha iliyoingia, hazionyeshi kodi iliyotoka. Mwajiri wa nje hakati kodi kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato kama wafanyavyo waajiri wa hapa, kwa hiyo ni yeye mwenyewe awasilishe ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kabla Juni haijaisha.

Dhana: Mgeni asiyefika siku 183 hahusiki kamwe

Chukua mnunuzi wa korosho kutoka India anayekuja Mtwara kila msimu, Septemba 15, na kuondoka Februari 15. Hajamaliza siku 183 mwaka wowote, na hana nyumba, hulala hotelini. Tatizo ni kwamba msimu wa korosho unavuka mwaka, ilhali kodi inahesabu Januari hadi Desemba. Alipoanza mwaka 2023 alipata siku 108. Mwaka 2024 zikawa 46 za mwanzo wa mwaka na 108 za mwishoni, jumla 154. Mwaka 2025 vilevile 154. Jumlisha zote ni 416, gawa kwa tatu, unapata zaidi ya 138. Imevuka 122, basi kwa mwaka 2025 ni mkazi, ingawa mazoea yake hayakubadilika hata kidogo.

Ila asikimbie. Mtu ambaye katika maisha yake yote amekuwa mkazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu hutozwa bado kwa mapato ya Tanzania tu. Duka lake la Mangalore halijaguswa. Akiendelea hivi, mwaka wa ukazi wa tatu ndio utakaolifikia.

Na siku za Zanzibar zinahesabiwa pamoja na za Bara, maana sheria inasema Jamhuri ya Muungano. Wikiendi ya Nungwi haisimamishi saa.

Fundi aliondoka na orodha ya vitu viwili: karatasi ya kodi ya mwaka mzima kutoka kwa mwajiri, na nakala ya kila ukurasa wa pasi kabla mihuri haijafutika kabisa.