Magurudumu mawili juu ya boriti: momenti kubwa kuliko zote haiko pale unapodhani

Chukua boriti ya chuma inayobeba kreni ndani ya karakana. Imekalia nguzo mbili, moja kila ncha, na ncha zake ziko huru kuinama kidogo. Kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 8. Juu yake kuna reli, na kwenye reli hiyo yanapita magurudumu mawili ya kreni yaliyoachana mita 3. Kreni ikinyanyua mzigo wake wa juu kabisa, kila gurudumu linaikandamiza boriti kwa kilonyutoni 60, yaani uzito wa tani 6 hivi. Mhandisi anataka kujua magurudumu yakisimama wapi ndipo boriti inapata momenti ya kupinda, yaani kani mara umbali inayojaribu kuikunja, iliyo kubwa kuliko zote, na inafika ngapi.

Dhana: weka mzigo katikati, umemaliza.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ina sura mbili. Wapo wanaoweka jozi nzima katikati, kila gurudumu mita 1.5 kutoka katikati ya boriti. Wapo wanaoweka gurudumu moja katikati kabisa na kuliacha la pili lifuate nyuma. Wa kwanza wakikokotoa wanapata kilonyutoni-mita 150. Wa pili nao wanapata 150. Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa sababu njia mbili zikitoa jibu moja mtu huamini amehakikisha. Nimeona mahesabu yaliyopigwa mstari mara mbili chini ya hiyo 150, na aliyeyafanya hakuwa mzembe hata kidogo. Jibu lenyewe ndilo lililomtuliza.

Ukweli ni kwamba momenti kubwa kuliko zote kwenye boriti hii ni kilonyutoni-mita 158.4, na inatokea mita 0.75 kutoka katikati.

Sababu yake unaweza kuiona bila hesabu ngumu. Magurudumu yakiwa sawa, kitovu cha mizigo kiko katikati yao, yaani mita 1.5 kutoka kila gurudumu. Tuangalie gurudumu la kushoto. Momenti chini yake ni kani ya tegemeo la kushoto, yaani ile ambayo nguzo ya kushoto inaisukuma boriti juu, mara umbali kutoka tegemeo hilo hadi kwenye gurudumu. Kani hiyo nayo inategemea kitovu cha mizigo kiko mbali kiasi gani na tegemeo la kulia: kadiri kilivyo mbali na kulia, ndivyo upande wa kushoto unavyobeba zaidi. Kwa hiyo momenti inatokana na kuzidisha umbali mbili, ule wa kutoka tegemeo la kushoto hadi kwenye gurudumu, na ule wa kutoka kitovu cha mizigo hadi tegemeo la kulia. Kwa boriti yetu, zao hilo unalizidisha kwa 15, ambayo ni jumla ya mizigo, 120, kugawanya kwa mita 8.

Sasa jumlisha umbali hizo mbili. Popote uisogeze kreni, jumla yake haibadiliki: ni mita 8 kutoa 1.5, yaani 6.5. Namba mbili zenye jumla isiyobadilika hutoa zao kubwa kabisa zikiwa sawa, kama vile kamba ya urefu mmoja inavyozungushia eneo kubwa zaidi la mstatili ukiifanya mraba. Basi kila umbali uwe 3.25. Ukizidisha 3.25 kwa 3.25 unapata 10.56, na mara 15 ni 158.4.

Rudi sasa kwenye zile 150 mbili. Jozi ikiwekwa katikati, umbali ni 2.5 na 4. Gurudumu likiwekwa katikati, umbali ni 4 na 2.5. Ni zao lilelile, 10, limegeuzwa tu. Majibu hayo mawili yako kwenye miteremko miwili ya kilima kimoja, kwa kimo sawa, na kilele kiko katikati yao.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: katikati ya boriti iwe nusu ya njia baina ya gurudumu na kitovu cha mizigo. Kwa magurudumu mawili yaliyo sawa inaandikwa hivi, P ikiwa mzigo wa gurudumu moja, L urefu kati ya mategemeo, na d nafasi kati ya magurudumu:

M = (2P/L) × (L/2 − d/4)²

Magurudumu yasipokuwa sawa, kitovu cha mizigo husogea kuelekea lile zito, na momenti kubwa unaitafuta chini ya hilo zito. Kanuni ni ileile.

Dhana: momenti kubwa iko chini ya kitovu cha mizigo.

Hii naipita haraka. Kitovu ni nukta ya hesabu tu, wala hakuna kitu kinachoigusa boriti pale. Mchoro wa momenti ni mistari iliyonyooka inayokunjika pale panapoguswa na gurudumu, kwa hiyo kilele chake lazima kiwe chini ya gurudumu. Mahali petu unaweza kuhakiki: kani ya tegemeo la kushoto ni kilonyutoni 48.75, pungufu ya 60 za gurudumu la kwanza, hivyo mchoro unaanza kushuka papo hapo ukishalivuka gurudumu hilo.

Dhana: magurudumu mawili daima ni mabaya kuliko moja.

Hapa kosa ni kubwa zaidi. Kreni ni ileile, lakini nguzo zimekaribiana, mita 5 tu. Jozi ikiwekwa katikati inatoa 60. Kanuni yetu inatoa 73.5. Lakini gurudumu moja likisimama katikati kabisa, lile jingine limeshavuka nguzo na liko kwenye boriti ya jirani, na momenti ni 60 mara 5 gawanya kwa 4, yaani 75. Hilo moja ndilo linalotawala, na aliyeegemea jozi ya katikati amepungukiwa na robo nzima ya jibu lake.

Kwa magurudumu sawa mpaka uko pale d inapofika 0.586 ya L. Nafasi ikizidi hapo, gurudumu moja linashinda. Kwenye boriti ya mita 5 uwiano ni 0.6, umeuvuka kidogo tu, ndiyo maana 73.5 na 75 zinakaribiana. Mimi sihangaiki kuukumbuka mpaka huo. Nakokotoa yote mawili na kuchukua kubwa. Yote haya ni kwa boriti inayokatika juu ya kila nguzo. Ikiwa ni moja ndefu inayopita nguzo kadhaa bila kukatwa, hesabu hizi hazifai.

Dhana: ukijua sehemu moja dhaifu, imarisha hapo.

Kreni inakwenda na kurudi. Gurudumu la kushoto linaleta 158.4 mita 0.75 upande mmoja wa katikati, na la kulia linaleta ileile mita 0.75 upande wa pili. Bamba la chuma la kuongeza nguvu, lililochomelewa chini ya boriti ya mita 8 na kupimwa kwa alama moja ya chaki katikati, lazima lizivuke sehemu zote mbili na kuendelea hadi pale boriti yenyewe inapotosha bila msaada. Wala kani kubwa ya kukata, ile inayotaka kuikata boriti wima, haiji kreni ikiwa hapo. Inakuja gurudumu la nyuma likiwa ndiyo kwanza linaingia kwenye boriti kando ya nguzo, la mbele likiwa limeshasonga mita 3: 60, jumlisha 60 mara 5 gawanya kwa 8, ni kilonyutoni 97.5.