Ninavyomwandikia sala mahabusu na wanaomsubiri nje

Sala nyingi tunazopeleka gerezani huombwa juu ya mtu mmoja tu, yule aliye ndani. Mimi huandika ya watu wa pande mbili: mahabusu, na wale walioketi nje ya lango na vifurushi vyao wakingoja kuitwa. Nitaeleza kwa kutumia sala niliyomwandikia mahabusu mmoja wa kesi ya mauaji hapa Tanzania. Yeye na familia yake wameniruhusu kuiweka hapa, majina nimeyaondoa.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Inafunguliwa kwa hakimu ambaye kwa kawaida hana mamlaka ya kuisikiliza, basi inatajwa tu, upelelezi haujakamilika, inapangiwa tarehe nyingine. Mambo yanaweza kwenda hivyo kwa miaka kabla haijafika Mahakama Kuu. Mama na mke hupanda basi kila inapotajwa, ili wamwone akishuka kwenye karandinga. Hizo tarehe zinawachosha kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nimeziweka mwanzoni mwa sala:

*Baba yetu, jioni hii unatuona sote, wa huku na wa kule.*
*Tumepewa tarehe nyingine. Tutie nguvu tuifikie.*
*Mlinde tunayemngoja: afya yake, usingizi wake, hasira yake.*
*Uwape mama na watoto chakula cha kesho.*
*Wewe unayeijua kweli, kweli na ijulikane.*
*Wape hekima wanaoamua.*
*Wafariji waliofiwa.*
*Tukutanishe tena. Amina.*

Neno "tunayemngoja" linasemwa pande zote mbili, kwa kuwa naye huko ndani anamngoja mkewe, hajui kama nauli imepatikana. Lipo pia kwa ajili ya binti yao wa miaka sita. Ameambiwa baba yuko safarini. Kumwambia au kutomwambia ni uamuzi wa mama yake, si wangu, ndiyo maana hakuna neno gereza wala kifungo katika sala wanayoomba wote pamoja. Mtoto anaitikia bila kudanganywa na bila kushtuliwa. Aliye ndani huongeza peke yake Zaburi 142:7: "Uitoe nafsi yangu kifungoni, nipate kulishukuru jina lako."

Sikuandika "msamehe kosa lake". Yeye anasema hakuua, na karatasi inayoingia gerezani hupita mikononi mwa askari na kusomwa. Kama ana la kutubu, lipo sakramenti ya kitubio na padri. Mstari wa waliofiwa ulimsumbua mama yake: "Si tutakuwa tumekiri, mwanangu?" Nikamwambia, mama, kuna nyumba yenye msiba, hilo halibishaniwi na mtu yeyote, nani alisababisha, hilo ndilo la mahakama. Alikaa kimya siku ile. Safari iliyofuata akausema mwenyewe kabla sijaufikia.

Wala sikuahidi kwamba atatoka. Mkewe alikuwa ameambiwa na mhubiri mmoja kwamba akifunga na kuomba, tarehe fulani mumewe angekuwa nyumbani. Tarehe ikapita, akaacha kusali kabisa. Nilimsomea Matendo 12 yote. Watu hupenda kuanzia pale malaika anapomtoa Petro, lakini sura hiyohiyo inaanza na Yakobo kuuawa kwa upanga, na kanisa lililowapenda wote wawili ni lilelile. Baada ya hapo ndipo alipokubali "tukutanishe tena", maana haimlazimishi Mungu kwa tarehe.

Saa ya kusali huiweka giza linapoingia. Ndani hana saa, lakini baada ya kuhesabiwa na kufungiwa anaona mwanga unavyopungua, na nyumbani wanaliona giza lilelile. Sala lazima iwe fupi hivi, kwa sababu karatasi hupotea kwenye upekuzi au huishia kusokotwa sigara. Nikimtembelea namwomba anisomee kwa kichwa. Mstari unaomponyoka mara mbili naufuta, hata kama ndio nilioupenda. Mama hajui kusoma, kwa hiyo mjukuu ndiye humtangulia.

Siku ya hukumu ikifika sala hii haitoshi tena. Akiachiwa, wataiacha wenyewe. Shtaka likipunguzwa kuwa kuua bila kukusudia na akafungwa, anaanza kuhesabu miaka na ile theluthi inayopunguzwa kwa mwenye tabia njema, basi badala ya tarehe tutaomba juu ya miaka, na huenda mtoto akahitaji kuelezwa. Akitiwa hatiani kwa mauaji, adhabu iliyo katika sheria yetu ni kunyongwa, na hapo siandiki chochote mpaka nimekaa na mke na mama, niwasikilize wanaweza kutamka nini. Mstari wa waliofiwa tu ndio siugusi, vyovyote hukumu itakavyokuwa.